Jibu: asilimia ngapi ya bajeti ya halmashauri inawafikia kweli wanawake, vijana na wenye ulemavu?

Swali: "Habari za kazi. Mi ni afisa maendeleo ya jamii kwenye halmashauri moja mkoa wa Iringa. Mkurugenzi anataka kwenye kitabu cha bajeti tuoneshe kiasi gani kinawafikia wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Nikichukua ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo ya vikundi peke yake napata kidogo mno, mchumi wetu nae kajumlisha afya, elimu na maji akapata asilimia 58. Yupi yuko sahihi, na hizo laini mnazitagi vipi?"

Kamwene dada. Wote wawili mmekosa, ila wewe umekosa kwa uaminifu zaidi. Asilimia 10 ni fedha ambayo sheria yenyewe imeitaja kundi kwa kundi, kwahiyo hakuna mtu atakuuliza umeitoa wapi, tatizo lake inaacha nje vitu kama wodi ya wazazi. Hiyo 58 ya mchumi najua imetokaje hata bila kuliona faili lake: kachukua bajeti za idara nzima nzima, kazipiga kwa asilimia 51 kwa sababu sensa ya 2022 inasema wanawake ni kama 51 kwa 100, akaongezea vijana juu, akaongezea na wenye ulemavu juu tena. Kwa hesabu ya namna hiyo kila halmashauri nchi hii itapata hamsini na kitu, hata ile ambayo haijafanya lolote kwa mwanamke yeyote. Namba ambayo haiwezi kushuka hata mkivuruga, hiyo haipimi kitu, itoeni.

Jambo la kwanza ambalo watu wengi wanalikosea ni wapi pa kubandika tagi, yaani alama ya kusema fedha hii ni ya kundi gani. Haibandikwi kwenye idara, wala kwenye lengo, inabandikwa kwenye shughuli. Najua kishawishi kilipo, kwenye PlanRep, ule mfumo wa kuandalia mipango na bajeti za halmashauri, lengo F ndo la ustawi wa jamii, jinsia na uwezeshaji, kwahiyo mtu anachuja herufi F anajumlisha anamaliza kazi kabla ya chai. Sasa fungua ndani ya hiyo F uone kilichomo: dizeli ya gari la idara, posho za safari, wino wa printa, shajara. Hivyo vyote vimehesabiwa kuwa vimemfikia mwanamke wa Kilolo. Alafu wodi ya wazazi iko kwenye afya chini ya herufi nyingine kabisa, haimo. Yaani umeingiza shajara umeacha wodi.

Ukishuka kwenye shughuli una namba yake, maelezo yake na pembejeo zake, hapo ndo unaweza kusema kitu. Shida ni kwamba maelezo ya shughuli nyingi yameandikwa kivivu, "kuwajengea uwezo wananchi ifikapo Juni 2026", hapo hata malaika hawezi kutagi. Kwahiyo kazi hii inaanza Desemba na Januari wakati idara zinaandika shughuli, sio Machi kitabu kikishapita kwenye baraza. Mwambie kila mkuu wa idara aandike nani na wangapi ndani ya sentensi ya shughuli yenyewe. Kama hawezi kuandika, hiyo shughuli inapata sifuri na asilalamike.

Tagi zenyewe usizifanye nyingi, mi natumia tatu tu. Mahsusi, maana yake fedha yote ya shughuli imewekwa kwa ajili ya kundi hilo. Sehemu, maana yake shughuli ni ya watu wote lakini kuna kipande cha kundi ambacho unaweza kukigusa kwenye BOQ, yaani orodha ya vipimo na bei za ujenzi, kwenye orodha ya mahudhurio au kwenye idadi iliyoandikwa. Na sifuri, kwa mengine yote. Swali la kujiuliza kila laini ni moja: nikilitoa hili kundi kwenye akili yangu, je shughuli itabadilika? Ukiwatoa wanawake, wodi ya wazazi haipo tena, hiyo mahsusi. Ukiwatoa wanawake, jengo la utawala linabaki vilevile na vigae vyake, hiyo sifuri, na usikubali ile hoja ya "lakini na wanawake wanahudumiwa humo ndani". Kila kitu wanawake wanahudumiwa ndani yake.

Nchi zingine zimepitia haya kabla yetu na zimeumia palepale. India tangu 2005-06 wanatoa taarifa ya bajeti ya jinsia yenye sehemu A, miradi ambayo fedha yake yote inahesabiwa ya wanawake, na sehemu B ya kuanzia asilimia 30 mpaka 99. Ile A kwa miaka mingi imebebwa na mpango wa nyumba, wakati nyumba inakaliwa na familia nzima, baba na watoto wa kiume humohumo, na wachambuzi wamelipigia kelele sana. Wafilipino wao wamekwenda kwa njia nyingine, mradi unajibishwa maswali unapata alama mpaka 20, ukipata chini ya 4 hauhesabiwi hata senti, 4 mpaka 7.9 unahesabiwa robo ya bajeti yake, ukifika 20 kamili ndo bajeti yote inahesabiwa. Mi naupenda huo wa Wafilipino kwa sababu unaangalia mradi umeandaliwaje, hauangalii idadi ya watu kijijini. Ila kwa halmashauri yenye mchumi mmoja na kompyuta mbili dodoso la namna ile ni zigo, ndo maana nakwambia tatu zinatosha. Hapa kwetu TGNP, mtandao wa kutetea usawa wa jinsia, walianza kazi ya bajeti ya jinsia tangu 1997 kwahiyo sio kitu kigeni kwa madiwani wazoefu, usije ukawahutubia kama wanaisikia leo.

Sasa tuchukue halmashauri ya mfano, namba nimezitunga mwenyewe ila zinafanana na za huku kwetu. Mapato ya ndani bilioni 4. Ndani yake milioni 500 ni mapato lindwa, yale yenye kazi yake tayari, kwa mfano uchangiaji wa huduma kwenye vituo vya afya. Asilimia 10 haipigwi kwenye 4, inapigwa kwenye bilioni 3.5 inayobaki, unapata milioni 350, ndani yake wanawake 4 kwa 100 ambayo ni milioni 140, vijana nao 140, wenye ulemavu 2 kwa 100 ambayo ni 70. Hiki ni kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, na hizo ni tagi mahsusi hazina ubishi. Kikundi cha vijana kikiwa na mabinti ndani usikirudishe tena kwenye safu ya wanawake, kibaki kwa vijana, idadi ya mabinti iandike pembeni kama taarifa.

Laini ya pili, kukamilisha wodi ya wazazi kwenye kituo cha afya, milioni 180. Wanawake, mahsusi, 180 yote. Vijana, sifuri. Najua utasema wazazi wengi wapo chini ya miaka 35, kweli kabisa, lakini hakuna kitu kwenye lile jengo kilichowekwa kwa sababu wao ni vijana. Wenye ulemavu hapa ndo unafungua BOQ, ukurasa kwa ukurasa, unatafuta vitu vinavyoonekana: ngazi mtelezo milioni 6.2, choo chenye mlango mpana na vishikio milioni 4.5, jumla 10.7. Hiyo ndo sehemu yao, milioni 10.7, sio asilimia fulani ya kubuni.

Na hapo kwenye ngazi mtelezo simama kidogo maana ni mahali pazuri sana pa kumkamata mtu. Mteremko unaokubalika ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita moja ya kimo inadai sentimita 12 za urefu. Huku kwetu majengo yanainuliwa sana kwa sababu ya mvua na miinuko, baraza la wodi liko sentimita 60 juu ya ardhi ni kawaida tu. 60 mara 12 ni sentimita 720, mita 7.2. Ukiona kwenye mchoro wameweka mtelezo wa mita 2 na nusu, hicho sio kitu cha mtu wa kiti mwendo, hicho ni cha kuteremshia toroli la saruji, na siku ya mvua za Machi hata mwenye miguu miwili anateleza. Usikihesabu. Mwambie injinia arekebishe mchoro kwanza ndo laini ipate tagi, utashangaa jinsi tagi inavyomfanya mtu aguse mchoro ambao barua tatu za malalamiko hazikuugusa.

Laini ya tatu, vyoo vya shule ya msingi, matundu 16 pamoja na chumba cha kujistiri wasichana na kichomea taka, na tundu moja la wenye ulemavu, jumla milioni 44. Hapa watu wanagombana sana. Mmoja anasema nusu ya matundu ni ya wasichana kwahiyo nusu ya fedha ni ya wanawake. Mi nakataa, kwa sababu shule lazima iwe na matundu ya wavulana na ya wasichana, huo ni wajibu wa kawaida, kiwango chenyewe ni tundu 1 kwa wasichana 20 na 1 kwa wavulana 25. Ninachohesabu ni kile cha ziada kilichowekwa kwa sababu yao, chumba na kichomea taka, milioni 5.2. Wenye ulemavu tundu lao milioni 3.1. Vijana sifuri, mtoto wa darasa la tano sio kijana, sera yetu ya vijana inaanza miaka 15 mpaka 35, na kanuni za mikopo zina umri wake mwingine, kwahiyo andika juu kabisa ya karatasi yako umetumia umri gani. Na mwingine akitaka kuhesabu nusu ya matundu sitamgombeza sana, ila afanye hivyo miaka yote na shule zote, asibadilishe kigezo mwaka ambao namba inataka kupendeza.

Laini ya nne, mafunzo ya kilimo cha parachichi kwa wakulima 400, milioni 12. Hii ni ya watu wote, sehemu ya kundi unaipata wapi? Kwenye mahudhurio ya mwaka jana. Tuseme mwaka jana walisaini 400, wanawake 148, hiyo asilimia 37, vijana 90 ambayo ni asilimia 22.5. Basi wanawake milioni 4.44, vijana milioni 2.7. Wenye ulemavu? Unafungua fomu unakuta safu imeandikwa ulemavu na chini ni tupu kuanzia mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. Tupu sio sifuri na wala sio asilimia mbili, lakini kwenye hesabu unaweka sifuri na unaandika "haikukusanywa".

Ya tano, maadhimisho ya Siku ya Wanawake tarehe 8 Machi, milioni 9. Hahaha. Fulana, vitenge vya kufanana, maturubai, muziki, chakula cha wageni, mafuta ya magari. Jina lina wanawake kuliko laini zote na mi naipa sifuri. Sio kwamba siku haina maana, isherehekeeni tu, ila swali la mkurugenzi ni fedha inayofika, na hii inafika kwa mwenye maturubai. Kama ndani yake kuna kitu kama upimaji wa saratani ya mlango wa kizazi siku hiyo, ichomoeni iwe shughuli yake yenye namba yake, hiyo nitaitagi mahsusi asubuhi na mapema.

Haya jumlisha. Wanawake: 140, 180, 5.2 na 4.44, unapata milioni 329.64. Vijana: 140 na 2.7, unapata 142.7. Wenye ulemavu: 70, 10.7 na 3.1, unapata 83.8. Sasa mtu akiona safu tatu mkono unamwasha anajumlisha, anapata 556.14. Hapana. Ngazi mtelezo ya wodi imehesabiwa mara mbili, iko kwa wanawake na iko kwa wenye ulemavu. Kwenye parachichi kuna mabinti, tuseme 40, wako kwenye wanawake na wako kwenye vijana. Kwahiyo unahitaji safu ya nne, mi naiita "angalau kundi moja", na hii unaijaza kwa kichwa laini kwa laini, kompyuta haiwezi kukusaidia. Wodi ni 180 tu. Vyoo 8.3 maana chumba na tundu ni vitu viwili tofauti. Parachichi ni 148 jumlisha 90 toa 40, watu 198 kati ya 400, milioni 5.94. Mikopo 350. Jumla 544.24. Tofauti na ile ya mkono unaowasha ni milioni 11.9 tu kwenye mfano huu mdogo, kwenye bajeti yenye shughuli mia tatu tofauti hiyo inakua kubwa ya aibu.

Kwenye eksel usijitese, PlanRep itoe kama orodha ya shughuli, ongeza safu mwenyewe. C iwe bajeti, D iwe fedha iliyotoka, E, F na G ziwe uzito wa wanawake, vijana na wenye ulemavu kati ya 0 na 1, H iwe angalau kundi moja, na I sababu kwa maneno, safu hiyo ya sababu usiiruke maana mwakani atakaa mtu mwingine kwenye kiti chako. Mikopo igawe iwe laini tatu, kila kundi laini yake. Alafu chini kabisa:

```
=SUMPRODUCT(C2:C400,E2:E400)
=SUMPRODUCT(D2:D400,E2:E400)
```

Ya kwanza inakupa bajeti ya wanawake, ya pili fedha iliyotoka kwa uzito uleule wa kupanga, ukibadilisha E kuwa F, G au H unapata zingine. Kwa wodi, uzito wa wenye ulemavu andika `=10.7/180` usiandike 0.06, ili mtu akibofya aone namba imezaliwa wapi.

Gawanya kwa nini sasa? Tuseme halmashauri yetu ya mfano ina bilioni 6.8 ya miradi na matumizi mengineyo, na ukiweka mishahara jumla inafika bilioni 24, na tuseme laini zenye tagi ni hizi tu. 544.24 kwa 6.8 ni kama asilimia 8. Kwa 24 ni asilimia 2.3. Mi natumia ile isiyo na mishahara, kwa sababu mshahara wa mwalimu halmashauri haina uamuzi nao, lakini andika zote mbili kwenye mstari mmoja, diwani akigundua mwenyewe kwamba umeficha moja, hata ile nzuri hataiamini.

Hapo ndo tumemaliza nusu rahisi dada, kwa sababu mpaka sasa ni makaratasi. Mkurugenzi kasema "kinawafikia", na kati ya kupanga na kufikia huku kwetu kuna vituo viwili vya kupotea. Twende tarehe 31 Machi halmashauri hiyohiyo.

Mikopo: kati ya bilioni 3.5 zimekusanywa bilioni 2.45, kwahiyo asilimia 10 iliyohamishwa kwenda akaunti ya mikopo ni milioni 245. Kwenye MUSE, mfumo wa malipo wa serikali, hiyo inasomeka imetoka. Mtu mvivu ataandika milioni 245 zimewafikia. Lakini ukifungua akaunti ya mikopo yenyewe, vikundi vilivyolipwa vimechukua milioni 150, wanawake 85, vijana 50, wenye ulemavu 15. Zile 95 zimekaa benki. Kumbuka mikopo hii ilisimamishwa Aprili 2023 ikarudi 2024, sasa mtu aliyekuwa anatagi fedha iliyotengwa tu kipindi kile angeendelea kuandika asilimia 10 imefika wakati hakuna kikundi kinachokopeshwa. Kwahiyo kwa mikopo, safu D usiichukue kwenye MUSE, ichukue kwenye orodha ya vikundi vilivyoingiziwa fedha. Na marejesho yakikopeshwa tena yawekee safu yake pembeni, hiyo sio bajeti ya mwaka huu, ni fedha ileile inazunguka, ukiichanganya halmashauri yenye mikopo mizuri itaonekana imetenga asilimia 15.

Wodi: imepokea milioni 110, ukuta umefika kwenye linta. Ngazi mtelezo bado, na ngazi mtelezo huwa inajengwa mwisho, baada ya rangi. Hii ni hatari yenyewe, kwa sababu kwa fosi akaunti, yaani halmashauri inapojenga yenyewe bila mkandarasi, saruji na nondo zikipanda bei katikati, kamati ya ujenzi inatafuta cha kukata, na kinachokatwa ni kile cha mwisho. Utajuaje? Omba BOQ iliyorekebishwa uiweke kando ya ile ya mwanzo, tafuta mstari wa mtelezo. Ukikuta haupo au umegeuka "kazi za nje" kwa bei ya pamoja, umeshapata jibu. Kwahiyo wanawake 110 imetoka, ila andika wazi jengo halijafunguliwa. Wenye ulemavu 0.

Vyoo vimekamilika, fedha yote imetoka. Chumba cha wasichana kinatumika, 5.2 imefika. Tundu la wenye ulemavu nenda ukalione kwa macho, nimeliona hili shule zaidi ya moja: mlango una kufuli, ufunguo anao mwalimu wa zamu, ndani kuna majembe, ndoo za rangi na mpira wa kumwagilia bustani. Fedha imetoka, mtu hajafikiwa, weka 0 mpaka vifaa vitoke. Kazi ya mchana mmoja tu hiyo lakini hakuna mfumo wa kompyuta utakaokuonesha yale majembe.

Parachichi: wamekuja 380, wanawake 112, kwahiyo sasa ni asilimia 29.5 sio 37, milioni 3.54 sio 4.44. Waliitwa wiki ya kuvuna, nani angekuja.

Piga hesabu tena, safari hii kwa mkono na kwa kile ulichokikuta, maana eksel bado ina uzito wa kupanga. Wanawake imetoka 203.74 kati ya 329.64, na zaidi ya nusu yake ni ule ukuta wa wodi. Wenye ulemavu imefika 15 kati ya 83.8, ambayo ni asilimia 18 hivi. Unaona sasa? Kwenye kitabu cha bajeti kundi hili lilionekana sio baya, lina milioni 83 zake, lakini fedha zake zimekaa sehemu ambazo ndo huwa za mwisho kutoka: mkopo wenye masharti magumu, mtelezo wa baada ya rangi, tundu lenye kufuli. Hii ndo taarifa ambayo 58 ya mchumi isingekupa hata ukiitazama mwaka mzima, na ndo ya kumpelekea mkurugenzi.

Kuhusu ile safu tupu ya ulemavu kwenye fomu za mahudhurio, usiweke swali "una ulemavu?" ndiyo au hapana, watu wanaona haya au mwandikishaji anaangalia tu kama mtu ana magongo anajaza mwenyewe. Tumia maswali sita mafupi ya Kikundi cha Washington, yanauliza ugumu: kuona hata ukiwa na miwani, kusikia, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka, kujihudumia kama kuoga na kuvaa, na kuwasiliana. Majibu ni manne, hakuna ugumu, ugumu kiasi, ugumu mkubwa, siwezi kabisa. Anayejibu ugumu mkubwa au siwezi hata kwenye swali moja anahesabiwa. Dakika mbili kwa mtu, na mzee wa viazi wa Makete ambaye haoni vizuri na hajawahi kujiita mlemavu maisha yake yote ataingia kwenye hesabu. Kwa mkutano wa watu 400 hamuwezi kumuuliza kila mmoja, waulizeni wale wa vijiji viwili vitatu muandike kwamba ni sampuli.

Kabla hujapeleka, chagua shughuli 20 za kubahatisha, mpe mchumi wako azitagi peke yake bila kuona za kwako, nawe zitagi bila kuona zake. Mkitofautiana kwenye mbili tatu sio mbaya. Mkitofautiana kwenye nane, kigezo chenu hakijaandikwa vizuri, kaeni mkiandike upya kwanza. Na kwenye kitabu chenyewe weka jedwali moja, makundi matatu na ile ya angalau kundi moja kwa mistari, safu tatu: imepangwa, imetoka, imefika. Safu ya "imefika" kwenye kitabu cha mwaka ujao itakuwa tupu kwa sasa, jaza ya mwaka unaoisha, na wodi iandikie 110 kwenye imetoka na 0 kwenye imefika mpaka mama wa kwanza ajifungulie humo.